Lusina ya mpakani mwa shamba la mkonge

Kiangazi kile Muheza kilikuwa kirefu. Majani ya tembo yalibaki vijiti, mabua ya mahindi ndiyo yaliyokuwa chakula, na kitu pekee kilichokuwa kijani kando ya barabara ni milusina iliyojiotea mpakani mwa shamba la mkonge. Mfugaji mmoja, mzee mstaafu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi saba wa ndani, alituma kijana aniite: mtamba wake ananyonyoka na dawa ya kuogeshea haisaidii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana mifugo. Huyu nimemwogesha mara mbili kwa wiki, upele hauondoki."

Haukuwa upele. Mnyama mwenye upele hujikuna kwenye nguzo, ngozi yake huwa na magamba na kukunjamana, na manyoya hukatika ovyo. Mtamba huyu alisimama kimya, udenda unamtoka, na ngozi pale paliponyonyoka, mgongoni karibu na mkia, ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo. Nilishika singa za mkia nikavuta taratibu. Zilitoka shungi zima, zikabaki kiganjani na mizizi yake, na ng'ombe hakurusha hata mguu. Hiyo ndiyo alama. Kupe hawafanyi hivyo, wala utapiamlo wa kawaida.

Horini palikuwa na lusina tupu. Mabua yalikuwa pembeni, makavu, hayajaguswa, kwa sababu mnyama akipewa lusina na mabua kwa wakati mmoja huchagua lusina mpaka iishe. Kijana alisema wanakata kila asubuhi palepale mpakani, nayo mashina yanachipua upya haraka. Sentensi ile ilieleza nusu ya tatizo. Sumu ya lusina, mimosini, haijagawanyika sawa katika mti. Iko nyingi zaidi kwenye vichomozi na majani machanga, na kwenye mbegu. Majani yaliyokomaa yana kiasi cha chini sana. Ukikata mti uleule kila baada ya wiki mbili unavuna vichomozi vitupu. Ukiuacha wiki sita hadi nane unapata majani yaliyokomaa, na mti wenyewe unapumua.

Mimosini huzuia chembe hai kugawanyika, na shina la unywele ni mahali ambapo chembe hugawanyika usiku na mchana. Ndiyo maana manyoya hutangulia. Huko Australia watafiti waliwahi hata kujaribu kuitumia kunyoa kondoo bila mkasi.

Nusu ya pili ilihitaji mizani. Nilipima kifua cha mtamba kwa utepe, nyuma tu ya miguu ya mbele: sentimita 146, yaani kama kilo 250 za uzito. Ng'ombe wa namna hiyo hula kwa siku chakula kikavu cha karibu asilimia 3 ya uzito wake, hivyo kilo saba na nusu. Tunaposema kikavu tunaondoa maji yote, kwa sababu maji hayalishi. Kesho yake asubuhi tulining'iniza kwenye mizani mzigo wa lusina aliokuwa akipewa: kilo 17. Jioni tukapima vijiti alivyobakiza: kilo 3. Basi alikuwa amekula kilo 14 mbichi, na kwa kuwa theluthi moja hivi ya majani mabichi ya kiangazi ndiyo kikavu, zilikuwa kilo nne na nusu na zaidi kidogo. Hiyo ni zaidi ya asilimia 60 ya chakula chake. Kipimo kinachokubalika kwa ng'ombe na mbuzi ni asilimia 30, na hiyo ni mwisho, si lengo.

Tena alikuwa na mimba, na alianzishiwa akiwa na njaa. Mnyama asiyeijua lusina, tumbo tupu, akafunguliwa mbele ya lusina tupu, huweza kuanza kunyonyoka ndani ya wiki moja au mbili.

Wakati tunapima, mke wa mzee alinipeleka kwenye banda la mbuzi. Mmoja alikuwa amezaa pacha. Kitoto kimoja kilisimama, kingine kililala, shingo imevimba chini ya koo kama kimemeza ndimu. Rovu. Kilikufa usiku huo.

Hii ni sumu ya pili, na wafugaji wengi hawaijui kwa sababu haina haraka. Vijidudu vya tumbo la kwanza huvunja mimosini, na kwa manyoya hilo ni jema, lakini kinachobaki ni kitu kingine, DHP, ambacho huzuia tezi ya shingo kutumia madini joto. Mnyama mkubwa hali vizuri, hakui, hapandishi maziwa, na mfugaji anadhani ni minyoo. Ndama au kitoto cha mbuzi huzaliwa dhaifu, wakati mwingine kimekufa, na rovu shingoni. Mke wa mzee alikuwa tayari amewawekea mbuzi jiwe la chumvi lenye madini joto, akitumaini litasaidia. Kwa rovu ya ukosefu wa madini joto lingesaidia. Kwa hii halitoshi: madini yapo, ila tezi imezuiwa kuyatumia. Dawa ni kupunguza lusina.

Mzee aliniuliza swali zuri: mbona jirani yake ana mbuzi waliozaliwa wakila lusina na hawana lolote? Kuna jibu. Miaka ya 1980 mtafiti Raymond Jones wa Australia aliona mbuzi wa Hawaii wanakula lusina kwa wingi na hawadhuriki. Tumboni mwao kulikuwa na bakteria anayeimaliza kabisa hiyo DHP. Walichukua maji ya tumbo la mbuzi wale wakayaingiza kwa ng'ombe wa Australia, na kinga ikahamia. Baadaye bakteria akapewa jina la kumuenzi Jones. Mbuzi wa jirani huenda wanaye. Ila huwezi kumwona kwa macho, na kumkadiria kwa kubahatisha ni kucheza na mimba za wanyama wako. Mimi hupanga chakula kana kwamba hayupo.

Kwa mtamba hatukutoa sindano yoyote. Lusina ilisimamishwa kabisa, akapewa mabua yaliyokatwakatwa na kunyunyiziwa maji ya molasi, kilo moja ya pumba za mahindi, na nusu kilo ya mashudu ya alizeti kuziba pengo la protini. Udenda ulikauka kwanza, hamu ya kula ikafuata. Manyoya yalichukua muda mrefu zaidi. Yalianza kuota kama ukungu mweusi mgongoni, mkia ukawa wa mwisho.

Mzee alitaka kung'oa milusina yote. Nilimkatalia, na hapa ndipo hesabu ilipohitajika tena, kwa upande wa pili. Mabua makavu yana protini asilimia 4 hivi. Vijidudu vya tumbo la kwanza vikipata chini ya 7 katika chakula chote haviwezi kuyeyusha hata hayo mabua; mnyama anashiba na kukonda. Lusina ina 20 hadi 25. Mpe mtamba yuleyule kilo 4 za lusina mbichi, pumba kilo moja, na mabua mengine yote: chakula chote kinapanda hadi karibu asilimia 8. Amevuka mstari, na lusina ni chini ya asilimia 20 ya chakula chake. Ukifika kilo 6 unapata kwenye 9 na bado uko chini ya 30. Kilo 14 zilikuwa sumu, na zilikuwa pia hasara, kwa sababu protini inayozidi bila nguvu ya pumba au molasi huishia kwenye mkojo.

Kwa hiyo afya iliporudi tulianza upya, safari hii kwa kilo moja mbichi kwa siku, tukiongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki tatu mpaka nne. Kwa sababu ya mimba tuliishia hapo kwenye kilo 4. Mbuzi wake wa kilo 25 hivi tuliwapangia nusu kilo mbichi kila mmoja, na wenye mimba nusu ya hiyo. Utaratibu wa horini ulibadilika pia: mabua kwanza, asubuhi, tumbo likishashika kitu ndipo lusina. Ng'ombe anayekamuliwa hupewa baada ya kukamuliwa, maana ikipewa kabla harufu yake huingia kwenye maziwa na mnunuzi huisikia.

Mama ndiye aliyechukua kazi ya kukausha, na aliifanya vizuri kuliko maofisa wengi ninaowafahamu. Tanga majani makavu ya lusina yamewahi kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa magunia, kwa hiyo hakuwa akianza jambo geni. Alikata matawi yaliyokomaa mwishoni mwa mvua, akayatandaza juu ya turubai. Saa chache za jua la asubuhi, kisha kivulini. Jua la siku nzima huyageuza njano na kuua vitamini. Yakishakauka, vijani hudondoka vyenyewe ukitikisa tawi. Vijiti vinatolewa, majani yanawekwa kwenye gunia linalopitisha hewa. Kipimo chake cha ukavu kilikuwa kufinya konzi moja: ikisagika kama majani ya chai, funga gunia, ikinywea na kubaki donge, rudisha kivulini, la sivyo ukungu utaingia na hapo una sumu nyingine kabisa.

Kukausha hupunguza mimosini, hakuimalizi. Kinachowapotosha watu ni uzito. Kilo moja ya majani makavu ni sawa na karibu kilo tatu za mabichi, kwa hiyo anayehama kutoka mabichi kwenda makavu akibakiza kilo zilezile amezidisha mara tatu bila kujua. Mtamba wa kilo 4 mbichi alistahili kilo moja na robo tu ya makavu. Tulipima mara moja kwa mizani, tukajaza kopo tupu la rangi, tukachora mstari kwa msumari pale majani yalipofika, na kuanzia hapo mizani haikuhitajika.

Mtamba alizaa ndama jike. Nilimpapasa mwenyewe chini ya koo: shingo nyembamba, haina uvimbe.

Siku hiyo mjukuu wa mzee alikuja na sungura mkononi akauliza kama naye apewe. Sungura, kuku, nguruwe na punda hawana tumbo la kwanza la kuivunja mimosini kabla haijaingia kwenye damu, hivyo kipimo cha ng'ombe hakiwahusu. Kuku asizidishiwe kilo 5 za majani makavu katika kila kilo 100 za chakula. Sungura nilimwambia ampe kijitawi kimoja kilichokomaa, siyo kila siku, na jike mwenye mimba asipewe kabisa.