Nilivyochanganya rekodi ya kwaya ya maiki nane huku piano ikivuja kila mahali

Kwaya ilikuwa ya waimbaji thelathini hivi, wamesimama nusu duara, sauti ya kwanza kushoto karibu na piano, besi kulia. Maiki mbili kuu zilikaa kwenye stendi ndefu, mita 3.5 mbele ya mstari wa kwanza. Maiki nne nyingine zilikuwa mita 1 mbele ya waimbaji, moja kwa kila sauti, na mbili za mwisho zilitazama nyuzi za piano, mfuniko ukiwa wazi. Jumla traki nane. Kanisa lenyewe ni la bati na sakafu ya saruji, kwa hiyo mwangwi ulikuwepo wa kutosha. Sikuongeza wa kompyuta.

Nilifunga traki zote nikaacha zile mbili kuu, moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Hizo ndizo zenye picha nzima: nani amesimama wapi, kanisa lina ukubwa gani. Kazi ya maiki za karibu ni kuongeza uwazi wa maneno tu. Ukianza na zile nne za karibu utapata vikundi vinne vinavyoimba kila kimoja kivyake, na kuviunganisha baadaye ni mateso.

Kabla ya kufungua maiki za karibu ni lazima kusawazisha muda. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita inachukua milisekunde 2.9. Neno likiimbwa linafika maiki ya karibu kwanza, kisha maiki kuu mita 2.5 baadaye, ambazo ni kama milisekunde 7.3. Ukizichanganya hivyo hivyo, baadhi ya masafa yanafutana na kwaya inasikika kama inaimba ndani ya bomba. Badala ya kutegemea futi kamba, kabla ya wimbo kuanza tulirekodi kofi moja mbele ya kila kundi. Kwenye skrini nilivuta picha ya wimbi mpaka kofi likaonekana kama mwiba, nikapima umbali kati ya mwiba wa maiki ya karibu na ule wa maiki kuu, kisha nikaisogeza traki ya karibu kulia kwa kiasi hicho. Kama hamkupiga kofi, tafuta neno linaloanza na "t" au "k" baada ya kimya. Mwanzo wake huonekana vizuri.

Sasa piano. Iko mita 2 kutoka maiki ya sauti ya kwanza na mita 4 kutoka maiki kuu. Sauti yake inaingia maiki ya sauti ya kwanza baada ya milisekunde 5.8, na kwa kuwa traki hiyo nimeichelewesha 7.3, inatokea kwenye 13.1. Kwenye maiki kuu imefika 11.7. Waimbaji wamekaa sawa, lakini piano imepishana na nafsi yake kwa milisekunde 1.4, na shimo la kwanza, yaani masafa ya kwanza kufutana, linaangukia karibu na hezi 357, katikati kabisa ya mwili wa piano. Hakuna ucheleweshaji utakaoponya vyote viwili. Dawa ni kiwango: piano iliyovuja ikiwa chini ya ile ya maiki kuu kwa desibeli 10, shimo hilo halizidi desibeli 3 hivi, na sikio halilalamiki. Kwa hiyo fada, yaani kitelezi cha kiwango, ya sauti ya kwanza niliiweka chini kuliko za wenzake, na nikawa naishusha kwa mkono kila piano inapopiga peke yake. Geti, ile inayofunga traki sauti ikiwa ndogo, sikutumia, maana kila inapofunguka piano inaruka.

Maiki za piano nilizichelewesha pia, milisekunde 11 hivi, nikaziinua mpaka nyundo zikaanza kusikika, basi. Zote mbili nilizielekeza kushoto, moja zaidi ya nyingine, kwa sababu ndipo maiki kuu zinapoionyesha piano. Wengi huzitandaza kushoto na kulia, wakaishia na piano mbili.

Masafa ya chini nilikata kuanzia hezi 120 kushuka kwa sauti ya kwanza na ya pili, na 70 kwa besi, kwani noti yao ya chini inaweza kufika hezi 82. Maiki kuu nilikata hezi 40 tu, vinginevyo mkono wa kushoto wa piano unakonda.

Mwisho nilibonyeza mono, kushoto na kulia vikawa kitu kimoja, kwa kuwa watu wengi watasikilizia spika moja ya simu. Mkono wa kushoto wa piano ulipungua ghafla, dalili kwamba maiki zake mbili zinapingana. Niligeuza polariti ya moja, yaani wimbi lake juu likawa chini, nikasikiliza tena, besi ya piano ikarudi.