Siku moja ya mvalishaji nguo wa kwenye picha

Watu wakisikia nawavalisha wanamitindo nguo kwa kompyuta, wanadhani nabonyeza kitufe gauni likakaa. Hii hapa Jumatano yangu, Kariakoo.

Saa 2 asubuhi. Mashati ya kiume, mwanamitindo kasimama wima. Kazi nyepesi, saa 4 nimeshaituma.

Saa 4 na nusu. Anaingia mama mwenye duka la madera. Dada anayemtangazia biashara kapigwa picha na jinzi ya kubana, mkono kiunoni. Kuna kijana mwingine keshamvalisha dera, ila limegawanyika katikati ya miguu.

"Hili dera au suruali? Mimi nataka libwage, lakini mkao usiguswe. Mkono ule ndio unauza."

Nikajua kilichotokea. Programu ya akili bandia inayochora nguo hufuata ramani unayoipa, na yule kijana aliiongoza kwa `depth`, yaani ramani ya kina, peke yake. Ramani hiyo huonyesha kila sehemu iko mbali kiasi gani na kamera, cha karibu cheupe, cha mbali cheusi. Haitofautishi mguu na jinzi, kwa hiyo dera likamiminwa ndani ya umbo la jinzi.

Nikachukua `openpose`, ambayo huchora mifupa tu: nukta za viungo na mistari inayoziunganisha. Mifupa haina unene, nguo inapata pa kubwagika. Dera likatanuka vizuri, lakini kiganja kikazama ndani ya kitambaa, kwani nukta ya kifundo cha mkono haisemi kama mkono uko mbele au nyuma ya kiuno.

Hapo ndipo mchana wangu ulipoishia. Nikatengeneza ramani ya kina kutoka picha ya dada, nikaifungua kwenye programu ya kuhariri picha, nikabakisha kichwa, kifua na mikono. Kuanzia nyonga kushuka nikafuta miguu, nikapaka kijivu kilaini chenye upana wa dera. Nikairudisha, na `Preprocessor`, sehemu inayogeuza picha kuwa ramani, nikaiweka `none` ili isichambuliwe upya, na mifupa ikaendelea kufanya kazi sambamba nayo. Eneo la kubadilishwa nikalipanua hadi nje ya jinzi, maana nguo haivuki mpaka huo. Kiganja nikakiacha nje yake, vidole vibaki vile vile vya dada.

Mama yuko begani kwangu muda wote. "Bado tu, kijana?"

Jua likiwa limeshapinda, nikalaza picha mpya juu ya ya zamani, nikaififisha nusu. Bega, kiwiko, kifundo, vyote juu ya vyenzake.

"Mbona maua si ya kitambaa changu?"

Mifupa haijui kitambaa, mama. Maua yake nikayapiga picha dukani kwake, nikayabandika kwa mkono, mkunjo kwa mkunjo, mgongo unawaka. Amelipa nusu. Kesho analeta rangi nyingine za dera lile lile. Ramani ninayo, ilimradi asije na picha mpya.