Ngumi ya Mama Mkwe

Leo asubuhi mama mmoja wa makamo alikaa kwenye benchi la nje mpaka foleni yote ikamalizika. Hakuchukua namba, wala hakuwa na cheti mkononi. Nilipotoka kwenda kunawa alisimama, akaukunjua mkono wake wa kulia mbele yangu kama mtu anayeonesha kidonda, akasema, "Dokta, mwanangu, niambie kweli. Siku ile nilibonyeza vibaya?"

Mkono hauna kidonda. Nilimjibu, na jibu lenyewe ndilo linaloniweka macho usiku huu. Naandika nilione vizuri nilichosema.

Siku anayoisema ni ya wiki mbili nyuma, alasiri, msimu wa karafuu umepamba moto huku kwetu kaskazini ya Pemba. Majamvi yametandikwa mpaka ukingoni mwa barabara, na harufu ya karafuu inaingia hata chumba cha kujifungulia. Kituoni tulikuwa wawili: mimi na mkunga. Mwenzangu mmoja yuko masomoni Unguja, na muuguzi alikuwa ameondoka na gari ya wagonjwa mchana, kumpeleka mtoto hospitali ya kusini. Gari ikiondoka na muuguzi, kituo hupungukiwa na gari na mtu kwa pamoja. Tumeshazoea, ingawa si jambo la kuzoewa.

Mkwe wa mama huyu, binti wa miaka 24, alijifungua salama saa 10 na robo. Ni mtoto wake wa pili. Kondo la nyuma lilitoka zima, nikalikagua mwenyewe. Lakini uchungu ulikuwa wa muda mrefu, na mfuko wa uzazi uliochoka haujikazi. Ukiugusa tumboni unauona laini kama unga uliozidi maji, ilhali unatakiwa uwe mgumu na wa mviringo. Mishipa iliyokuwa ikilisha kondo hufungwa na misuli ya mfuko wenyewe. Misuli isipojikaza, mishipa inabaki wazi.

Damu ya uzazi hudanganya macho, nyingi huonekana kidogo. Nilifundishwa kuzitazama kanga: zikilowa mbili kabisa, hesabu kwamba nusu lita imeshapita. Yeye alikuwa amelowesha ya pili. Mapigo yalikuwa 124, presha ya juu 80. Tulishamdunga oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, dripu inakimbia na oksitosini nyingine imo ndani yake, tulishamwekea mpira wa mkojo, na dawa ya kugandisha damu nilikuwa nimeimaliza kuisukuma polepole mshipani. Damu ikaendelea. Nikafanya linalobaki: ngumi moja ndani, kiganja cha mkono wa pili juu ya tumbo, mfuko katikati, nikabana. Damu ikasimama. Ikasimama kwa sababu mikono yangu ilikuwa pale, si kwa sababu amepona.

Kitanda cha pili, nyuma ya pazia, mama mwengine alikuwa anasukuma na kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Mkunga hakuweza kuondoka pale.

Ndipo pikapu ikaingia uani kwa honi.

Kijana wa miaka 19 alikuwa ameanguka kutoka mkarafuuni, ubavu wa kulia ukapiga mzizi. Wenzake walimlaza kwenye machela upande wa pili wa ukumbi, na milango ikiwa wazi nikamwona kutoka pale nilipo. Anavuta pumzi fupi fupi, midomo imebadilika rangi, mishipa ya shingo imevimba. Nilimwambia mwenzake mmoja aniambie kifua kinapanda upande gani. Akasema, "Kushoto tu, dokta. Kulia kumesimama."

Pafu lililotoboka huvujisha hewa ndani ya kifua, na hewa ile ikikosa pa kutokea hujikusanya kila anapovuta, mpaka inalibana pafu, kisha inausukuma moyo na kuzuia damu isirudi. Mtu wa namna hiyo ana dakika. Dawa yake ni sindano nene yenye kanula, mrija laini unaobaki ndani, inapita juu ya ubavu, hewa inatoka kwa mlio. Kazi ya dakika mbili ukibahatika.

Kadi ya kupanga wagonjwa iliyobandikwa ukutani ina rangi tatu. Wa kijani asubiri, wa njano atazamwe mapema, mwekundu aonwe papo hapo. Wangu wote wawili ni wekundu, na kadi inaishia hapo. Kanuni niliyofundishwa inakwenda mbele hatua moja: anza na atakayekufa kwa dakika kabla ya atakayekufa kwa saa, na kama tiba yake ni fupi, ndiyo zaidi. Mama anayevuja damu namna ile, akiachwa bila ya tiba, anaweza kufa kwa kiasi cha saa mbili. Kijana asingefika magharibi. Kwa kanuni hiyo hakuna mjadala.

Lakini kanuni hiyo inadhani wote wawili wako mlangoni na mikono yangu ni mitupu. Mikono yangu haikuwa mitupu. Damu ile ilikuwa imezuiliwa na mimi, na kuiachia kungekuwa ni tendo langu. Na kuna jingine nililoliona baadaye tu: mgonjwa ambaye tiba yake ni kushikwa muda mrefu atapoteza zamu kila anapoingia mwenye tiba ya haraka. Siku hiyo aliingia mmoja. Wangeingia watatu, angeachwa mara tatu, na kila mara ningekuwa na haki.

Nilikwenda kwa kijana. Sikumwacha binti peke yake, ndivyo ninavyojiambia. Ipo njia ya kuubana mshipa mkubwa wa damu kwa nje: ngumi inawekwa juu kidogo ya kitovu, upande wa kushoto, inasukumwa chini mpaka mshipa ugandamane na uti wa mgongo. Ukitaka kujua kama umeshika, unapapasa mapigo ya kinenani. Yakipotea, umeshika. Mama mkwe alikuwa amesimama kichwani pa kitanda anasoma dua. Nikaitoa mikono, nikaichukua ngumi yake, nikaiweka, nikalala juu yake kwa uzito wangu ili aone ni kiasi gani, nikapapasa kinena. Mapigo hayakuwepo. Nikamwambia, "Hivi hivi, mama. Usiondoshe mpaka nirudi." Akasema, "Sitoondosha."

Nilibadilisha glavu nikiwa nakimbia. Sindano ya kwanza, juu ya kifua chini ya mtulinga, haikutoa kitu. Kijana ana kifua cha mtu anayepanda miti, nyama ni nene, nadhani kanula haikufika au ilipinda. Hilo hutokea, na dalili yake ni ukimya: hakuna mlio, na mgonjwa habadiliki. Nikaingia ubavuni, chini ya kwapa, usawa wa chuchu. Hewa ikatoka kama tairi inavyotolewa upepo. Baada ya kitambo rangi ikaanza kurudi midomoni, akaomba maji.

Kichwani mwangu niliondoka kwa dakika tatu. Kwenye karatasi, kwa saa ya mkunga, ni saba.

Niliporudi mama mkwe alikuwa bado amesimama, ngumi bado iko juu ya tumbo, jasho linamdondoka, mkono wote unatetemeka. Kanga ya tatu ilikuwa imelowa. Nikapapasa kinena. Mapigo yalikuwa yanagonga, membamba, ya haraka. Maana yake ngumi ilikuwa pale lakini haikuwa imebana tena. Tangu lini, sijui.

Yaliyofuata nayapitia upesi. Nikarudi kubana kwa mikono miwili kama mwanzo, zaidi ya nusu saa, tukamwekea chini ya ulimi misoprostoli, dawa nyingine ya kuukaza mfuko, gari ikarudi. Tuliwapakia wote wawili, binti kalala, kijana kaegemezwa na kanula yake ubavuni, mimi katikati. Kituo kikabaki na mkunga peke yake na mtoto aliyezaliwa nyuma ya pazia. Usiku ule huko kusini walimpasua binti tumbo, wakajaribu kuuokoa mfuko wa uzazi, haukuokoka. Wakautoa. Kijana aliwekewa bomba la kifua na ameruhusiwa. Binti yu hai, ananyonyesha. Hatozaa tena.

Wenzangu niliowasimulia wanasema nilifanya sawa, na wakiniuliza mimi kuhusu daktari mwengine ningesema hivyo hivyo. Ningebaki kwa binti, kijana angekufa mbele ya macho yangu hatua chache tu kutoka nilipo. Bado huenda mfuko ule usingejikaza hata kama ningebana alasiri nzima. Hizo dakika saba labda zilimnyang'anya kitu, labda hazikumnyang'anya chochote. Hakuna kipimo cha kunijibu.

Linaloniuma liko pembeni ya hayo. Ningeweza kuamuru machela ya kijana iingizwe chumba kile kile. Ningemchoma sindano huku naiona ngumi ya mama, naona inapolegea, namwambia akaze. Halikunijia hata kidogo, na najua kwa nini. Binti alikuwa uchi kuanzia kiunoni, na waliombeba kijana ni wanaume watatu wa kijiji kile kile. Niliilinda stara yake bila ya kuipima na damu yake. Kama ningemwuliza, sijui angechagua nini. Pengine angechagua stara. Sikumwuliza.

Na kazi ya mtumishi ambaye hayupo nilimpa mwanamke aliyekuja kumwombea dua mkwewe. Nilimfundisha chini ya nusu dakika kazi inayowashinda wenye nguvu. Sasa amekuja na ngumi yake kuniuliza.

Nikamwambia, "Ulibonyeza vizuri, mama."

Akanitazama. "Mbona niliiona damu inatoka?"

Hapo nilitaka kunyamaza. Nikasema, "Ulianza vizuri. Nilipoondoka ulikuwa umeshika sawasawa, nilihakikisha kwa vidole vyangu. Lakini ngumi ya mtu mmoja haikai dakika saba. Hata yangu isingekaa. Mkono huchoka mwenyewe bila ya mtu kujua."

Alifikiri kwa muda, anauangalia mkono. Halafu akasema, bila ya lawama yoyote, kama mtu anayenieleza jambo dogo la nyumbani: "Wifi yake alikuwepo pale nje ya mlango. Ungeniambia kama mkono unachoka, ningemwita tukapokezana."