Siku moja maishani mwangu: msoma majina wa mahafali, Dodoma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nina chai ya rangi, kikohozi cha vumbi la Dodoma na kurasa za majina 186. Watu hudhani kazi ya mshereheshaji ni suti na maneno matamu. Siku ya mahafali kazi yangu hasa ni kutaja watu mbele ya waliowazaa.

Orodha imechapwa kwa herufi kubwa tupu, na kompyuta ya chuo imekula ritifaa zote. NGWANDU huyu, kama ni Msukuma, bila shaka ni Ng'wandu, ng' ya ng'ombe na si ya ngoma. Karatasi haisemi. Nazungushia kalamu nyekundu majina 31.

Saa mbili niko uwanjani, wahitimu wamepanga foleni ya kuchukua namba za viti. Hapo ndipo ninapowakamata. "Hongera dada, samahani kidogo. Mimi ndiye nitakayekuita leo. Naomba unitajie jina lako kama linavyoitwa nyumbani." Silisomi mimi kwanza. Nikianza mimi nikakosea, wengi wataitikia "ndiyo, ni hivyo hivyo", kwa heshima tu, na kosa langu litapanda nao jukwaani.

Akitaja, namrudishia kwa mdomo mpaka aridhike, ndipo naandika kadi: silabi kwa vistari, na ya mkazo kwa herufi kubwa, maana ulimi wetu umezoea kuangusha mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho hata mahali pasipostahili. Kwa herufi za Kiswahili kadi hujiandika zenyewe. Malecela, jina ambalo nchi nzima inalijua, huandikwa kwa c. Kadi yangu ingesema Ma-le-CHE-la, kwisha.

Ila kuna sauti ambazo herufi zetu hazina. Binti mmoja wa Mbulu, mwenye miwani, ubini wake ni Tluway.

"Soma tu Tiluwai, kaka. Nimezoea."

"Na bibi yako anasemaje?"

Akacheka, akalitamka. Lilitoka kama t na l zimepigwa kwa mpigo mmoja, hewa ikapasukia pembeni mwa ulimi. Nikajaribu, nikasema Tiluwai. Nikajaribu tena, nikasema Kluwai. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna. "Bana ulimi juu kama unasema t," akaniambia, "halafu usiuachie mbele, achia pembeni." Mara ya tano nikamrushia mate kwenye joho. Akasema hiyo ndiyo yenyewe, karibu. Nikaandika: "TL kwa pamoja, HAKUNA i katikati. Miwani, kiti 74."

Kadi peke yake haitoshi, kwa sababu jukwaani macho yana haraka. Nikishahudumia watu wawili watatu, najiuliza bila kuangalia: wa kiti 74 nani? Baada ya dakika kumi tena, kisha baada ya saa. Likiniponyoka namfuata alipo: "Nisamehe, nitajie tena." Aibu hiyo ni ya watu wawili. Ya kwenye kipaza sauti ni ya ukoo mzima.

Saa nne ndiyo tulipaswa kuanza. Mgeni rasmi hajafika. Saa tano hajafika. Turubai linapigwa na upepo, watoto wanalia, mratibu ananijia na orodha mpya yenye majina manne yaliyoongezwa, na kila anayenipita ananiambia "changamsha watu". Nimechangamsha mpaka koo limekauka. Ilipofika saa saba ndipo tukaanza kusoma, na kuanzia hapo sikuangalia saa tena.

Ng'wandu alikuwa Ng'wandu kweli. Kiti 74 nikabana ulimi, nikaachia. Sauti ilitoka nusu nusu, lakini bila i, na kule nyuma vigelegele vikapanda. Nikajiona bingwa.

Kumbe jina gumu halinitegi, maana nimeshaliulizia. Lililonitega ni jepesi. Kwenye karatasi lipo IRENE, sikulizungushia chochote. Nikatangaza "Airini!" kwa sauti yangu nzuri kabisa. Binti akasimama hatua moja kabla ya ngazi, akaangalia nyuma kama kuna mwingine, halafu akapanda.

Jioni nikamkuta getini anasubiri picha, na mama yake kakalia kiroba cha zawadi. Nikamwamkia mama shikamoo, nikageuka. "Dada, samahani sana. Nyumbani wanakuitaje?"

"I-re-ne," akajibu mama kabla yake. "Airini yuko mtaa wa pili."

Nikatoa kadi tupu mfukoni, nikaandika: I-RE-ne. Mama akainama kuangalia kama nimepatia.