Tangazo la faragha la zahanati yetu: nililiandika kutoka kwenye madroo

Mganga mfawidhi aliniletea kurasa kadhaa za tangazo la faragha alizozichapa kutoka kwenye tovuti ya hospitali moja kubwa ya nje, akaniambia, "Badilisha jina, tubandike." Mimi ni mtunza kumbukumbu wa zahanati binafsi ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Tuna vyumba viwili vya daktari, maabara, chumba cha sindano na dirisha la dawa. Zile kurasa zilitaja kamera za ulinzi, ambazo hatuna, na hazikugusa vitabu vya MTUHA, vile vya serikali vya kumbukumbu za huduma za afya, tunavyovijaza kutwa nzima. Nilimwambia daktari kwamba tukilibandika hilo tutakuwa tumewadanganya wagonjwa kwa maandishi, tena kwa muhuri wetu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Inataka mtu ajue, kabla hujachukua taarifa zake, kwamba unazichukua kwa ajili gani na nani mwingine atazipata. Kuhusu muda, inasema zisikae zaidi ya haja iliyozikusanya. Haikupangii miaka. Hiyo unaipanga mwenyewe, na siku ukiulizwa uwe na maelezo.

Kwa hiyo nilianzia mapokezi. Nilikusanya kila karatasi tupu tunayoijaza, nikapita na kalamu kila kisanduku nikiuliza swali moja: hiki nani anakisoma, na anakifanyia nini? Kadi tuliyoirithi ilikuwa na "Dini" na "Kabila". Hakuna aliyekuwa akizisoma, zikafutwa. Namba ya NIDA ilinichekesha kidogo. Mhasibu alidhani daktari ndiye anayeihitaji, daktari alidhani ni mhasibu, na wagonjwa wa bima tunawatambua kwa namba ya kadi ya bima. Nayo ikafutwa. Mtaa na barabara anayokaa mgonjwa tuliviacha, kwa sababu akija mtu anayeshukiwa kipindupindu, watu wa afya wa Jiji lazima wajue waende nyumba gani.

Namba ya simu ilituchukua muda kuliko vyote. Tunaitumia kumkumbusha mtu tarehe ya kurudi. Lakini simu wanayotuachia mara nyingi si yao: ni ya mume, ya kaka, ya jirani mwenye chaji. Kuna dada alikuwa anachoma sindano ya uzazi wa mpango, na meseji ya kumkumbusha ikaingia kwenye simu ya mumewe ikiwa imeitaja hiyo sindano. Yaliyofuata nyumbani kwake sitayaandika. Sasa kadi inauliza mambo mawili: simu hii ni ya nani, na je, tukutumie ujumbe? Ujumbe wenyewe unasema tu, "Unakumbushwa miadi yako ya Alhamisi," bila jina la ugonjwa wala la huduma.

Nilipofika kwenye Kitabu namba 5 cha MTUHA, cha wagonjwa wa nje, niliona kitu ambacho tangazo peke yake lisingekiponya. Kila mgonjwa ana mstari wake: jina, umri, anakokaa, na mbele yake ugonjwa aliogundulika nao. Kitabu kilikuwa wazi juu ya meza, na mgonjwa akiinama kutaja jina lake anamsoma aliyemtangulia. Nilikata kipande cha boksi gumu, nikatoboa upenyo wa mstari mmoja, nikakilaza juu ya ukurasa. Anayeandika anakishusha mstari kwa mstari. Bila hicho kipande, sentensi ya tangazo inayosema "hatuonyeshi taarifa zako kwa wagonjwa wengine" isingeweza kuandikwa.

Baada ya hapo nilifuata karatasi zinazotoka nje ya mlango. Ripoti ya mwezi ya MTUHA inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Jiji ikiwa na idadi tu, haina majina. Fomu ya madai ya bima inakwenda na jina, namba ya kadi, ugonjwa na dawa ulizopewa, na wagonjwa wengi hawalijui hilo, kwa hiyo nililiandika waziwazi. Ukipewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo, barua inabeba vipimo vyako. Aliyejeruhiwa akija na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, daktari anaijaza na inarudi polisi.

Mwajiri nilimwandikia sentensi yake peke yake. Afisa utumishi wa kiwanda kimoja alikuwa na mazoea ya kupiga simu mapokezi kuhusu ED, karatasi ya mapumziko ya mgonjwa: "Huyu kijana wangu mmempa ED siku tatu, anaumwa nini?" Na dada wa mapokezi, kwa adabu tu, alikuwa anajibu. Tangazo sasa linasema: "Mwajiri wako akiuliza, tutathibitisha kwamba karatasi ya mapumziko ni yetu na ni ya siku ngapi. Unachoumwa hatutamwambia, mpaka utuandikie wewe mwenyewe." Siku hizi dada wa mapokezi anamsomea hiyo sentensi kwenye simu, na mabishano yanaisha mapema.

Halafu ikaja miaka. Daktari alitaka mafaili yakae milele. "Faili la mgonjwa wa presha halifi," aliniambia. Mhasibu alitaka miaka 5, maana ndiyo sheria ya kodi inayotaka kwa hesabu na risiti zake. Mimi niliuliza kitu kingine: mgonjwa akitaka kutushtaki, ana muda gani? Kwa Sheria ya Ukomo, madai ya uzembe yana miaka 3 na madai ya mkataba yana miaka 6. Anayelipia matibabu ana mkataba nasi, kwa hiyo faili lisipungue miaka 6, ambayo ni kinga yetu na ni ushahidi wake pia. Tuliongeza mmoja wa tahadhari, ikawa 7, na tukaihesabu kuanzia hudhurio la mwisho. Hapo daktari akatulia, kwa sababu mgonjwa wa presha anayekuja kila mwezi anajiongezea muda mwenyewe kila anapokuja.

Watoto wana hesabu yao. Muda wa mtoto wa kushtaki hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe miaka 18. Chukua mtoto aliyezaliwa Machi 2021, akaletwa kwetu 2025 na mkono uliovunjika. Tulimfunga kibao, tukampa rufaa. Kwa kanuni ya watu wazima, faili lake lingechomwa 2032, akiwa na miaka 11, na siku akiwa mkubwa mkono ukiwa umepinda asingekuta hata mstari. Kwa hiyo ya mtoto tunaihesabu 18 kujumlisha 7, yaani mpaka afikishe miaka 25. Faili la huyu litakaa mpaka Machi 2046. Kijana anayeendelea kutibiwa kwetu akishavuka 18 anafuata tarehe iliyo mbali zaidi kati ya hizo mbili.

Kuandika "miaka 7" ni rahisi. Kazi ni kulijua faili lililofikisha. Mafaili yetu yanapangwa kwa namba, na namba inakuambia mtu aliandikishwa lini, haikuambii alikuja lini mara ya mwisho. Dawa yake ikawa kalamu ya wino mzito: mgonjwa akija kwa mara ya kwanza mwaka huo, mapokezi wanaandika mwaka kwenye ukingo wa faili. Mafaili ya watoto yana utepe wa kijani wenye mwaka wa kuzaliwa. Januari unapita rafu kwa macho, unachomoa yaliyoiva. Vitabu vya MTUHA havimo kwenye zoezi hili. Hivyo hatuviharibu bila maelekezo ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji, na tangazo linasema hivyo.

Kuharibu nako kuna namna. Karatasi chakavu hapa mjini zina soko, na sitaki kununua karanga nikazikuta zimefungwa kwenye majibu ya maabara ya mtu. Tunazichoma kwenye tanuru la taka za hospitali, wafanyakazi wawili wakisimama mpaka mwisho, na namba za mafaili zinaandikwa kwenye daftari, namba bila majina. Kwenye kompyuta ni vigumu zaidi. Unalifuta faili leo, lakini nakala yake ipo kwenye diski ya akiba inayofungiwa kabatini. Diski zetu zinaandikwa upya kwa zamu kila baada ya miezi 3, kwa hiyo tangazo linakiri kwamba taarifa iliyofutwa inaweza kubaki kwenye akiba kwa muda huo. Daktari aliona sentensi hiyo inatuaibisha. Niliing'ang'ania, ikabaki.

Swali la saini lilizuka pia: kila mgonjwa atie sahihi? Kwa matibabu yenyewe, chini ya usimamizi wa mtaalamu wa afya, sheria haitudai ridhaa ya maandishi. Tunamweleza tu. Saini tunaiomba tunapotaka kitu cha ziada, kwa mfano daktari akitaka kumtumia bingwa picha ya kidonda kwa wasapu. Picha hiyo haina uso wala jina, na inafutwa kwenye simu bingwa akishajibu.

Rasimu niliibeba hadi kwenye benchi la kusubiria, nikamsomea bibi mmoja aliyekuwa amekuja na mjukuu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mwanangu, baba wa huyu mtoto akija kuuliza, mtampa?" Sikuwa nimeliandika hilo. Nilirudi kwa daktari, tukakubaliana: mzazi au mlezi wa mtoto tunampa majibu ya mtoto. Mume au mke wa mtu mzima hatumpi bila idhini ya mwenyewe. Majibu ya kipimo cha VVU anapewa aliyepimwa, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka yabaki siri. Kijana wa miaka 15 kwenda juu anaweza kuridhia kipimo hicho mwenyewe, tangu marekebisho ya 2019. Nilipomrudia bibi na hiyo aya alisema, "Hapo sawa. Ila herufi ziwe kubwa."

Zikawa kubwa. Tangazo ni ukurasa mmoja ukutani na nakala moja mapokezi, na asiyesoma anasomewa sentensi nne za juu: tunachukua nini, kwa nini, nani anapata, vinakaa muda gani. Chini kuna jina la cheo changu, simu ya zahanati, na maelezo kwamba usiporidhika na jibu letu unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wanaokuja kuomba nakala ya faili wanaongezeka, wengi wakiwa wanahamia Dar es Salaam. Tunawaomba kitambulisho, wanajaza fomu fupi, na tunawapa nakala. Faili halisi linabaki rafuni na mwaka wake ukingoni.