Nilivyopata fomula ya PAYE kutoka kwenye skrinshoti ya Wasap

Kuna dada mmoja anashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, huwa ananitafuta Excel ikimgomea. Safari hii katuma skrinshoti tu, faili hakutuma kwa sababu bosi wake hataki mishahara itoke ofisini, majina kayaziba na wino mwekundu, halafu chini kaandika: "Kaka naomba fomula ya kolamu D, PAYE inakatwa kwenye mshahara kwa hiyo jedwali ya pembeni, ile namba ya mwanzo unajumlisha na asilimia ya kinachozidi. Nimechoka kupiga kwa kikokotoo."

Kwenye picha A ni jina, B mshahara, C NSSF, D PAYE na E ndo mtu anachopokea. Pembeni ndo viwango vya TRA vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, na kila mstari umeandikwa kwa maneno, mfano "520.001 - 760.000: 20.000 + 20% ya kinachozidi 520.000". Namba zote za D alikuwa kazijaza kwa mkono, na hizo kwangu zilikuwa na faida kuliko maelezo yake, maana kama yeye kazipiga vizuri basi fomula yoyote ntakayoandika lazima itoe zilezile.

Sasa maelezo yanasema PAYE inakatwa kwenye mshahara. Nikachukua mstari wa mshahara 600.000, ukipiga moja kwa moja kwenye mshahara inakuja 20.000 jumlisha asilimia 20 ya 80.000, yaani 36.000, ila picha inaonyesha 24.000. Ukitoa kwanza NSSF ya asilimia 10 (60.000) inabaki 540.000, hapo kinachozidi ni 20.000 tu, asilimia 20 yake ni 4.000, jumla 24.000 kamili. Kwa hiyo anachofanya mezani ni sahihi, NSSF inatoka kabla ya kodi, ila alivyokielezea ndo kitu kingine. Kuna mwingine wa 280.000 ambaye PAYE yake ni 0 wakati msamaha unaishia 270.000, naye anathibitisha hilohilo, maana ukishatoa NSSF anabaki na 252.000. Ningefuata maneno peke yake watu wote wa pale wangekatwa zaidi, wale wa chini ya msamaha ndo wangepona.

Jedwali la pembeni nalo lilikuwa na ukungu, ule mstari wa 760.001 - 1.000.000 sikuweza kujua ni 63.000, 68.000 au 88.000. Hapa huna haja ya kumsumbua mtu apige picha tena, kwa sababu ile namba ya mwanzo ya kila mstari ni kodi iliyojaa kwenye mistari ya chini yake. Kutoka 270.000 mpaka 520.000 ni 250.000, asilimia 8 yake 20.000. Kutoka 520.000 mpaka 760.000 ni 240.000, asilimia 20 ni 48.000, jumlisha ile 20.000 unapata 68.000. Ongeza asilimia 25 ya 240.000 inayofuata, 60.000, unafika 128.000 ya mstari wa mwisho. Ni njia nzuri pia ya kujua kama mtu katumiwa jedwali la zamani, kabla ya Julai 2021 ule mstari wa kwanza wa kodi ulikuwa asilimia 9 na hiyo 20.000 isingetoka.

Wengi hapa wangekimbilia VLOOKUP, ila kwa jedwali lake isingefanya kazi, maana "520.001 - 760.000" ndani ya seli moja ni maandishi, Excel haioni namba pale. Angelazimika kutengeneza kolamu nyingine ya mwanzo wa kila daraja na bosi hataki karatasi yake iguswe. IF ndani ya IF inawezekana ila kuisoma baada ya miezi miwili ni adhabu. Nikaandika hii:

```
=MAX(0;8%*(B2-C2-270000);20000+20%*(B2-C2-520000);68000+25%*(B2-C2-760000);128000+30%*(B2-C2-1000000))
```

Ukiitazama ni jedwali lenyewe mstari kwa mstari, unahesabu kodi kwa kila daraja kama vile mtu yumo humo halafu unachukua kubwa kuliko zote. Inakubali kwa sababu asilimia zinapanda tu hazishuki, na kila daraja linaanzia pale la chini lilipoishia. Mfano yule wa 540.000 baada ya NSSF: daraja la 8% linatoa 21.600, la 20% linatoa 24.000, la 25% linatoa 13.000, la mwisho linatoa hasi 10.000. Kubwa ni 24.000, ndo jibu. Yule wa mshahara 900.000 nae ikatoka 80.500 kama kwenye picha. Na mtu akiangukia mpakani kabisa, tuseme 520.000 kamili, daraja zote mbili zinatoa 20.000, kwa hiyo ile kuwaza nianze na 520.000 au 520.001 haina maana.

Mtauliza kwa nini nukta mkato na si koma. Picha ndo ilisema, maelfu yake yametengwa kwa nukta, 600.000, wakati kompyuta nyingi za huku zinaweka koma. Laptop yake ni mtumba wa Ujerumani na mipangilio ya nchi haijabadilishwa, kwenye mashine kama hiyo koma ni ya desimali, ukimpa fomula yenye koma Excel inamwambia fomula ina kasoro na anadhani umemtumia uchafu. Ukiwa na mashine ya koma badilisha tu hizo nukta mkato.

Kitu cha mwisho kwenye picha, mshahara mmoja ulikuwa umeegemea kushoto wa seli wakati wenzake wako kulia, ameandika 450.000/= kwa mazoea yetu. Hayo ni maandishi, fomula ikifika hapo inatoa #VALUE! na yeye angesema fomula mbovu. Nikamwambia aandike 450000 tupu, na kama anaitaka hiyo /= aiweke kwenye Format Cells, Custom, hivi:

```
#.##0"/="
```

Namba inabaki namba, alama inaonekana tu. Akaburuta mpaka chini, yule wa 450.000 akatoka 10.800, sawasawa na aliyokuwa kaipiga kwa mkono.

Wiki iliyofuata akaniletea skrinshoti ya kamisheni ya wauzaji akitaka niweke MAX ileile, asilimia 5 mpaka milioni moja, ikizidi hapo ni 50.000 jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi. Hiyo asilimia inashuka, kwa hiyo MAX ingempa aliyeuza laki tano kamisheni ya 35.000 badala ya 25.000. Zikiwa zinashuka tu unageuza, unachukua ndogo:

```
=MIN(5%*B2;50000+3%*(B2-1000000))
```

Zikipanda halafu zikashuka, hapo MAX peke yake au MIN peke yake haitoshi, nafuu ile kolamu ya mwanzo wa daraja itengenezwe na VLOOKUP ipate kazi, bosi akubali tu.