Shura

Jumamosi nilikuwa Darajani nachagua vitunguu thomu, mara mtalii mmoja wa kike nyuma yangu akamwita mwenziwe: "Shur!" Jina lenyewe ni Shura, ila Warusi wanapomwita mtu waliyemzoea huiacha irabu ya mwisho. Mama huwa "Mam!", Tanya huwa "Tan!". Nilisimama na thomu mkononi hadi muuzaji akaniuliza kama bei imenishinda.

Mwaka wa kwanza kule Voronezh, mji wa Urusi nilikosomea, ule wa kusomeshwa lugha tu kabla ya chuo chenyewe, mtu niliyesema naye Kirusi kuliko mwalimu yeyote alikuwa bibi mlinda mlango wa bweni. Alikaa kwenye meza nyuma ya kioo, ubao wa funguo ukutani kwake, chai yake katika gilasi yenye kishikio cha bati, na soksi ya sufi anayoifuma. Wote tulimwita Aleksan Palna. Nilidhani ndivyo alivyoitwa. Ilifika Novemba ndipo nikaliona jina lake limeandikwa: Aleksandra Pavlovna, yaani Aleksandra binti Pavel. Mdomoni mwa watu jina la baba humezwa katikati, Pavlovna ikawa Palna, na mgeni anayelitafuta kitabuni halipati.

Jambo hilo la binti fulani halikunipa tabu. Sisi nasi tumezaliwa nalo. Siku aliponiuliza baba yangu nani, nikamwambia Khamis, alicheka kwa furaha akasema, "Basi wewe ni Rehema Khamisovna!" Ile "kh" ya Khamis ilimtoka safi, "h" ya Rehema ndiyo iliyomshinda, kwani Kirusi hakina h nyepesi, nikawa Rekhema hadi naondoka. Kwa wiki kadhaa aliniita hivyo, jina na la baba, kwa "vi", ile nyinyi wanayomwambia mtu mmoja wanapomheshimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kunipa heshima ya namna ile.

Halafu nikaugua homa ya mafua. Alipanda ngazi hadi chumbani na chai na jemu ya malina, vijitunda vyekundu vya kwao, akanigusa paji la uso, akasema, "Rehemushka, unywe yote." Rehemushka, tena kwa "ti", ile wewe ya mtu wa karibu. Hakuniuliza ruhusa, wala haikuhitajika. Mkubwa akitaka kuteremka huteremka. Tangu siku ile sikuisikia Khamisovna tena isipokuwa nikichelewa kurudi usiku, hapo ilirudi kamili, na "vi" juu yake, nami nikajua nimekosa.

Januari akaja mwanamke mmoja wa makamo, kilemba cha sufi kichwani, kikapu mkononi, theluji mabegani. Aleksan Palna alikuwa ghalani anahesabu mashuka, akaniachia meza kwa dakika kumi. Mgeni akauliza, "Shura yupo?" Nikamjibu kwa uhakika wote kwamba hapa hakuna Shura. Akauliza tena polepole, kama mtu anayesema na mtoto. Nikamjibu tena. Akatoka kwenda kusimama kituo cha tramu kwenye baridi ile, hadi bibi mwenyewe aliporudi, akachungulia dirishani na kutoka mbio bila koti. Alikuwa ni mdogo wake, ametoka kijijini na mayai na mafuta ya nguruwe. Ndipo nikafahamu kuwa Aleksandra, Sasha na Shura ni jina moja, na kwamba jina fupi halikatwi tu kutoka refu kama sisi tunavyomfanya Abdalla kuwa Dula. Lina njia yake, na sharti uoneshwe.

Nililiweka jina hilo moyoni kama zawadi. Wiki mbili tatu baadaye, usiku, bweni kimya, nilishuka kuchukua ufunguo. Aliniona akatabasamu, akasema Rehemushka, mbona huli, umekonda. Nikaona muda umefika wa mimi nami kumrudishia upendo wake. Nikasema, "Usiku mwema, Shura."

Sindano zilisimama. Siwezi kueleza vizuri jinsi zilivyosimama. Alikuwa katikati ya kisigino, mahali pa kugeuza uzi, na kidole chake cha shahada kilibaki hewani kimeuvuta uzi wa kijivu. Taa ya meza ilikuwa inaunguruma. Hakukunja uso. Aliangalia ubao wa funguo, si mimi, kama anazihesabu, na nikaona shingo yake inapanda wekundu kutoka kwenye ukosi wa blauzi hadi masikioni. Nikadhani nimetamka vibaya, nikakaribia kurudia. Bora sikurudia.

Akaiweka soksi juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. Akasema taratibu, maneno mepesi ili niyaelewe yote: "Shura mimi kwa dada yangu. Shura nilikuwa kwa mume wangu, naye hayupo. Kwako wewe mimi tyotya Shura." Tyotya ni shangazi, ni mama mdogo, ni mke wa mjomba, wote ndani ya neno moja. Akaniashiria kwa kidevu niseme. Nikasema, "Tyotya Shura." Akaichukua soksi.

Nilipanda ngazi nikilia, na nilidhani nalia kwa aibu. Kwetu nisingemwita mwanamke wa umri ule kwa jina lake tupu hata kwa bahati mbaya, ningesema Bi fulani, ningetanguliza shikamoo. Kilichonipoteza ni Kirusi chenyewe. Darasani tulifundishwa kwamba watu wakizoeana huacha "vi" wakaenda kwenye "ti", na jina la baba likaanguka. Hatukuambiwa kwamba kati ya mkubwa na mdogo mmoja anaweza kushuka peke yake na mwingine akabaki juu miaka yote, na mapenzi yakawa ni yaleyale.

Miaka mitano ilipita. Nilikuwa namwita tyotya Shura kwa "vi", naye Rehemushka kwa "ti". Alinifundisha supu ya kabichi, nilimfundisha kutia hiliki kwenye chai.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi kwenye treni ya usiku ya Moscow. Pale jukwaani alinishika mikono miwili akasema, "Sasa niambie ti. Watoto wa dada yangu wananiambia ti." Nikafungua kinywa. Sisi hatuna vi wala ti, wewe ni wewe kwa kila mtu, na heshima yote tumeiweka kwenye shikamoo. Kwangu ile "vi" ilikwishakuwa shikamoo yangu kwake, na shikamoo ya mkubwa huiondoi. Nikasema, "Spasibo vam, tyotya Shura." Spasibo ni asante, na vam ni vi ileile. Akanikaza skafu shingoni. "Haya, Rehemushka," akasema, "haya."

Nilipofika Unguja nilimwandikia barua, na kwenye karatasi niliweza: "ti" kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ilijibiwa baada ya miezi mitatu, kurasa mbili kuhusu viazi na goti lake. Chini akaweka sahihi: Shura. Tyotya haikuwapo. Niliandika tena, ya pili haikujibiwa, na mpaka leo sijui kama alinipa jina lile au ni mkono wa mtu mzima uliochoka.

Pale Darajani niligeuka. Walikuwa wasichana wawili wa miaka ishirini hivi, wamebabuka jua mabegani. Mmoja akaniona namwangalia. Neno lililonijia mdomoni lilikuwa na tyotya mbele yake.